Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: sikio moja lilijaa maji miezi mitano, na pua haikuangaliwa hata siku moja

Kwa Mheshimiwa Mganga Mfawidhi wa hospitali iliyomhudumia kaka yangu.
Nakala kwa Mkuu wa Kliniki ya Masikio, Pua na Koo.

YAH: MTU MZIMA MWENYE MAJI NYUMA YA NGOMA YA SIKIO MOJA KUTOCHUNGUZWA PUA NA KOO LA JUU

Mheshimiwa Daktari,

Nakusalimu kwa heshima. Hii ni barua yangu ya tatu. Ya kwanza niliileta kwa mkono wangu na haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa aya moja, kwamba mgonjwa "alihudumiwa kwa mujibu wa taratibu za kliniki". Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike hadharani. Kama kweli hizo ndizo taratibu, basi kila mtu mzima anayekaa leo kwenye benchi la kliniki yenu akiwa na sikio moja lililoziba atapita njia ileile aliyopita kaka yangu.

Sikutaja jina la hospitali wala la daktari yeyote, na sitafanya hivyo. Kaka ameisoma barua hii yote na ameridhia itoke. Mimi mwenyewe kazi yangu ni kupima usikivu, kwa hiyo ninachokilalamikia nakifahamu kutoka pande mbili: kama dada wa mgonjwa, na kama mtu anayekaa kila siku mbele ya timpanometa, mashine inayopima jinsi ngoma ya sikio inavyotikisika.

Acha nianze na yaliyotokea.

Kaka ana miaka 47. Hajawahi kuugua masikio tangu utotoni. Siku moja aliniambia, "Mdogo wangu, sikio la kushoto limejaa kama nimetoka kuogelea, na maji hayataki kutoka." Hakuwa na maumivu, homa wala usaha. Akimeza mate alisikia kitu kinapasuka taratibu ndani ya sikio, na akizungumza sauti yake mwenyewe ilimrudia kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Mafua hakuwa nayo, wala hakuwa amesafiri kwa ndege.

Mara ya kwanza kufika kwenu alisafishwa nta na kuandikiwa antibayotiki za siku saba. Wiki tano baadaye alirudi hali ikiwa ileile, akapewa dawa ya matone na vidonge vya aleji. Mwezi wa tatu daktari alichungulia sikio kwa makini na kuandika kwenye faili, kwa usahihi kabisa, kwamba kuna maji nyuma ya ngoma ya sikio la kushoto. Akapewa dawa ya kupuliza puani.

Hapo ndipo aliponiomba nimpime. Nilipoangalia kwa otoskopu, ngoma ya sikio la kulia ilikuwa ya kijivu, inang'aa, inapitisha mwanga. Ya kushoto ilikuwa na rangi ya asali iliyofifia na imevutwa kwa ndani. Chini yake palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, na nilipomwambia ainamishe kichwa, ule mstari ukahama. Huo ndio usawa wa maji. Timpanometa ilichora mstari bapa usio na kilele, maana yake ngoma haikuweza kutikisika. Ujazo wa tundu la sikio ulikuwa wa kawaida, maana yake ngoma haikuwa na tundu. Sauti iliyopita hewani aliisikia kwa desibeli 40, na iliyopita kwenye mfupa kwa desibeli 10. Mshipa wa usikivu ulikuwa mzima, sauti ilikuwa inakwama njiani. Nilipomwekea uma wa sauti unaovuma katikati ya paji la uso, alisema anausikia upande wa kushoto, sikio lile bovu. Wagonjwa hushangaa sana wakiona hivyo, lakini ndivyo inavyokuwa sauti inapozuiwa katika sikio la kati.

Majibu hayo niliyaandika kwenye karatasi, na chini nikaongeza sentensi moja: "Tafadhali pua na koo la juu viangaliwe kwa kamera." Kaka aliikabidhi karatasi ile kliniki mwezi wa nne.

Mwezi wa tano alitobolewa ngoma ya sikio, maji mazito ya manjano yakafyonzwa, akawekewa kijirija kidogo cha plastiki cha kupitisha hewa. Alisikia vizuri siku ileile. Alinipigia simu kwa furaha akasema hata saa ya ukutani anaisikia inagonga. Kwenye faili iliandikwa amepona, arudi baada ya miezi sita.

Mwezi wa nane, akinyoa ndevu, alikuta uvimbe chini ya sikio la kushoto, pale ambapo msuli wa shingo unaanzia. Ulikuwa mgumu na hauumi. Nilipomhoji vizuri aliniambia kwamba kwa wiki kadhaa, kila akiamka na kuvuta makamasi nyuma kisha kutema, mate yalikuwa na rangi ya waridi. Hakumwambia daktari kwa sababu alidhani ni fizi, na kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Tulikwenda kwingine. Daktari alimpulizia dawa ya ganzi puani, akasubiri dakika chache, akaingiza kamera nyembamba kuliko penseli. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona picha kwenye skrini. Alianza na upande wa kulia ili tuone uzima ulivyo: mdomo wa mrija wa sikio, kama kituta chenye kitundu, na nyuma yake kishimo chenye kivuli. Alimwambia kaka ameze, kitundu kikafunguka na kufunga. Kisha akahamia kushoto. Kile kishimo hakikuwapo. Mahali pake palikuwa pamejaa nyama yenye mikwaruzo na vimishipa vyekundu, na mdomo wa mrija ulikuwa umesukumwa mbele. Kaka alimeza mara tatu, haukufunguka hata kidogo. Kazi yote, kuanzia kamera kuingia hadi kutoka, haikuzidi dakika tano.

Kilichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ile, kikapimwa, majibu yakaja: saratani ya koo la juu, nyuma ya pua, na imeshafika kwenye tezi za shingo.

Mheshimiwa Daktari, haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Sikio lilitibiwa kama chumba kisicho na mlango.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo cha hewa. Hewa hiyo hunyonywa na utando wa ndani wakati wote, na hurudishiwa kupitia mrija mmoja tu, wenye urefu wa sentimita tatu na nusu hivi kwa mtu mzima, unaoshuka hadi koo la juu, nyuma ya pua na juu ya kaakaa laini. Mrija huo hukaa umefungwa na hufunguliwa na misuli ya kaakaa tunapomeza au kupiga miayo. Usipofunguka, hewa iliyomo chumbani huisha, ngoma huvutwa ndani, na utando huanza kutoa majimaji kujaza nafasi. Kwa hiyo maji yale huwa ni dalili kwamba mrija haufanyi kazi, na swali la kwanza la daktari linapaswa kuwa: nini kimeuzuia?

Kwa mtoto jibu huwa rahisi. Mrija wake ni mfupi na umelala, mafua hayamwachi, na nyama za nyuma ya pua huwa kubwa. Mara nyingi masikio yote mawili hujaa, na wengi hupona wenyewe ndani ya miezi mitatu. Mtu mzima si mtoto mkubwa. Nyama zile kwake zimeshasinyaa na mrija umerefuka na kusimama. Akijaa maji baada ya mafua makali au safari ya ndege, tunaelewa, na tunatarajia yakauke katika wiki chache. Lakini yakijaa upande mmoja, bila sababu inayoonekana, na yakakaa, lazima mtu aende akaangalie ule mlango wa chini.

Naomba hapa nisieleweke vibaya na wasomaji wenye sikio lililoziba wakaanza kulala na hofu. Wengi wao hawana saratani. Wengine watakutwa na sainasi, aleji, au mrija uliolegea kazi tu. Wengine watakutwa na nyama za nyuma ya pua zilizovimba upya ukubwani, jambo ambalo wakati mwingine huashiria maambukizi ya VVU ambayo mgonjwa hajayajua. Wapo wachache watakaokutwa na kifua kikuu cha koo la juu, au limfoma. Lakini yote haya, mabaya na yasiyo mabaya, yanaonekana kwa kuchungulia mahali pamoja, na matibabu yake hayafanani hata kidogo. Asiyechungulia anabahatisha.

Kile kishimo nyuma ya mdomo wa mrija ndiko saratani hii hupenda kuanzia. Ni mahali pa siri. Uvimbe unaweza kukua pale kwa miezi bila kuziba pua, bila kuuma na bila kumzuia mtu kula. Kinachoguswa mapema ni ule mrija ulio jirani, ama kwa kuzibwa mdomo wake au kwa kuingiliwa msuli unaoufungua. Ndiyo maana kwa wagonjwa wengine sikio ndilo la kwanza kusema. Kwa kaka yangu lilisema miezi saba kabla ya uvimbe wa shingo kujitokeza.

2. Dawa zilizotolewa hazikulingana na ugonjwa uliokuwa umeshaandikwa kwenye faili.

Hili nitalisema kwa ufupi. Matone ya sikio hayapenyi ngoma iliyo nzima, hivyo hayakuwa na njia ya kuyafikia maji. Antibayotiki huua bakteria, na maji yale hayakuwa usaha. Vidonge vya aleji havikaushi maji ya sikio la kati. Kila dawa ilimpa kaka sababu ya kusubiri wiki nyingine tatu au nne kabla ya kurudi, na kila aliporudi alikuta daktari mwingine aliyeanza upya. Hakuna aliyehesabu kwamba hii ilikuwa mara ya nne kwa tatizo lilelile la sikio lilelile.

3. Kijirija kiliwekwa kabla ya kuangalia nyuma ya pua.

Kati ya yote, hili ndilo linalonikosesha usingizi.

Kijirija chenyewe hakina kosa. Kinapitisha hewa moja kwa moja kupitia ngoma, hivyo sikio halihitaji tena mrija wa chini, maji hukauka na usikivu hurudi. Lakini angalia kinachotokea kama kule chini kuna uvimbe. Dalili pekee aliyokuwa nayo mgonjwa imeondolewa, na kilichoisababisha kimebaki. Mgonjwa anafurahi, daktari anafurahi, faili inafungwa. Kaka yangu hakuwa na sababu ya kurudi kwa miezi mitatu iliyofuata kwa kuwa alikuwa anasikia saa ya ukutani.

Isitoshe, siku ile alikuwa amelala kwenye meza ya upasuaji akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Haikuwapo nafasi nzuri kuliko hiyo. Nyuma ya pua pangeweza kuangaliwa kwa kamera ya chumba cha upasuaji, na kinyama kingeweza kuchukuliwa palepale kama pangeonekana pana shaka. Kwenye maelezo ya upasuaji, ambayo ninayo nakala yake, hakuna neno pua popote.

4. Shingo haikupapaswa, na maswali manne hayakuulizwa.

Saratani hii hukimbilia mapema kwenye tezi za shingo, hasa zile za juu, chini ya sikio na nyuma ya pembe ya taya. Kuzipapasa kunahitaji vidole na nusu dakika. Katika mahudhurio matano, hakuna mahali palipoandikwa hali ya shingo. Sisemi uvimbe ulikuwepo tangu mwanzo. Ninachosema ni kwamba hatutajua kamwe.

Maswali ninayoyasema ni haya: unatema mate yenye damu asubuhi, au kuna damu kwenye makamasi? Pua imeziba upande mmoja? Unaona vitu viwili viwili ukiangalia pembeni? Kuna ganzi au maumivu upande mmoja wa uso au kichwa? Mawili ya mwisho yanaweza kuonyesha kwamba uvimbe umepanda hadi chini ya fuvu na kuigusa mishipa ya fahamu. Kaka hakuwa na hayo mawili, tunamshukuru Mungu. La kwanza alikuwa nalo, na angeulizwa angesema.

Mheshimiwa Daktari, najua yatakayosemwa, kwa kuwa mengine nimeshaambiwa kwenye korido.

Nimeambiwa kwamba ugonjwa huu ni adimu. Ni kweli kwamba sehemu nyingi za dunia si wa kawaida, ingawa kusini mwa China, kusini-mashariki mwa Asia na kaskazini mwa Afrika hauna uadimu huo. Lakini uadimu kwa watu wote kwa ujumla si sawa na uadimu kwa mtu mzima aliyekaa na maji katika sikio moja kwa miezi mitano bila sababu. Huyo ameshatoka kwenye kundi la watu wote.

Nimeambiwa kaka havuti sigara wala hanywi pombe, kwa hiyo hapakuwa na cha kushuku. Aina ya saratani aliyo nayo ina uhusiano mkubwa na virusi vya Epstein-Barr, virusi vilivyogunduliwa mwaka 1964 na ambavyo watu wazima wengi mno duniani wanavyo mwilini bila madhara. Kwa nini kwa wachache hugeuka kuwa saratani ni jambo la urithi na mazingira pia. Mtu asiyevuta sigara hakingwi nayo, na hata vijana huipata.

Nimeambiwa kamera ilikuwa mbovu. Hilo nalielewa, vifaa huharibika. Lakini madaktari waliotangulia walikuwa wakiangalia nyuma ya pua kwa kioo kidogo kilichopashwa moto ili kisifanye ukungu, kinapitishwa mdomoni na kugeuzwa juu nyuma ya kaakaa. Si kipimo kizuri kama kamera, na wagonjwa wengi hutapishwa nacho, ila uvimbe mkubwa huonekana kwacho. Na kama hicho nacho hakikuwezekana, ilipaswa kuandikwa rufaa. Kamera mbovu ilikuwa sababu ya kumpeleka mgonjwa panapo kamera. Haikuwa sababu ya kumfungia faili.

Lipo na la mwisho ambalo nalikubali kwa haki: kwamba hata kamera ingeingia mwezi wa tatu, huenda isingeonyesha kitu. Kweli, uvimbe mwingine hukua chini ya utando, na juu panaonekana laini. Ndiyo sababu wenye uzoefu hulinganisha kulia na kushoto badala ya kutafuta kidonda, na ndiyo sababu kamera safi haimalizi kazi kama maji hayakauki. Mgonjwa hurudishwa baada ya wiki kadhaa, kamera hurudiwa, hupigwa picha ya MRI, na penye shaka huchukuliwa kinyama hata kama ngozi ya juu inaonekana nzuri. Laiti mngekuwa mmeangalia mkakosa kuona, nisingeandika barua hii.

Ninachoomba ni haya.

Kwanza, kliniki iandike kanuni ya maandishi na kuibandika kila chumba: mtu mzima mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio moja, bila sababu iliyo wazi, au ambaye maji hayajakauka kwa wiki 6 hata kama yalianza na mafua, aangaliwe pua na koo la juu pande zote mbili. Wiki 6 ni pendekezo langu, wataalamu wenu wanaweza kupunguza. Mwenye uvimbe shingoni, damu puani au kwenye mate, ganzi usoni au kuona viwili viwili asisubiri hata wiki moja.

Pili, asiwekewe kijirija mtu mzima wa namna hiyo mpaka faili ionyeshe kilichoonekana nyuma ya pua. Na maneno yawe bayana. "Pameangaliwa, kishimo cha kushoto na cha kulia viko sawa" ni tofauti kabisa na "haikuwezekana kuangalia". Kuacha nafasi tupu kusiruhusiwe, kwa kuwa daktari anayefuata husoma nafasi tupu kana kwamba pameandikwa "hakuna tatizo".

Tatu, shingo ipapaswe na yale maswali manne yaulizwe kwenye hudhurio la kwanza, hata kama anayemwona mgonjwa si bingwa. Haya hayahitaji kifaa chochote.

Nne, na hili naliomba kwa uzito kuliko yote: pitieni daftari la upasuaji la miaka miwili iliyopita, mtafute watu wazima wote waliowekewa kijirija katika sikio moja, na muwaite wale ambao pua zao hazikuangaliwa. Daftari lipo, namba za simu zimo. Nilipokuwa nasubiri faili la kaka, karani aliniambia kwamba kwa watu wazima orodha haitakuwa ndefu. Wengi wataitwa, wataangaliwa na kurudi nyumbani wakiwa wazima. Kama yupo mmoja mwenye alichokuwa nacho kaka, huenda bado yupo kwenye muda ambao kumuwahi kutaleta tofauti kubwa. Saratani hii husikia sana tiba ya mionzi. Ikikutwa ingali ndogo, mionzi peke yake mara nyingi hutosha na wengi mno hupona. Ikishaenea shingoni bado inatibika, lakini njia huwa ndefu na ngumu zaidi.

Njia hiyo naijua sasa. Kaka yuko wiki ya tatu ya mionzi, siku tano kwa wiki, mizunguko 33 kwa jumla, pamoja na dawa ya dripu. Mdomo umemkauka, chakula hakina ladha, na kumeza kunamuuma. Shemeji yangu anamsagia kila kitu. Daktari wake anasema uvimbe unaitikia tiba na ana matumaini, nasi tunayo.

Tano, naomba mtu mmoja wa kliniki yenu, yeyote mtakayemteua, aketi na kaka na shemeji awaeleze kilichotokea. Aya moja ya barua haitoshi kwa mtu aliyewaletea sikio lake mara tano. Simtaki daktari yeyote afukuzwe. Yule aliyeandika kuhusu maji mwezi wa tatu aliona vizuri kuliko wote waliomtangulia, alibakisha hatua moja tu, na sidhani kama kuna karatasi yoyote ukutani iliyomkumbusha hatua hiyo.

Nakala za faili, chati ya timpanometa, karatasi niliyoiandika mwezi wa nne na picha za kamera nimeziambatanisha kwenye bahasha iliyofika ofisini kwako. Karatasi ile ya mwezi wa nne imegongwa muhuri wa mapokezi wa hospitali yenu. Nitashukuru kupata jibu la maandishi kuhusu kila ombi, hasa lile la nne, ndani ya siku 21.

Wako katika huduma,

Mpima usikivu, dada wa mgonjwa